Mikunjo ya Mwalimu Mkuu

Katika studio yetu kila mtu aliijua kanuni: anayeiharibu picha huzipanga nukta zake kwa mkono. Fundi mkuu ndiye aliyeitunga.

Siku ile tulipaswa kukabidhi picha ya mwalimu mkuu anayestaafu, iliyoundwa kwa pembetatu ndogondogo. Programu hutawanya nukta nyingi penye kingo na mikunjo, chache palipo laini, kisha huunganisha nukta tatu tatu zilizo jirani ziwe pembetatu, kwa kanuni ya hesabu iitwayo Delaunay, na kila pembetatu hupakwa rangi moja. Picha ilipotokea, pazia la maua nyuma ya mwalimu lilikuwa na pembetatu elfu mbili. Uso wake ulipata tisa.

“Mzee, mwalimu amekuwa kiazi kilichomenywa,” alisema dada wa mapokezi.

“Nani aliulainisha uso huu?” fundi aliuliza kwa ukali.

“Wewe, mzee. Jana. Ulisema mikunjo inamvunjia heshima,” dada alimjibu.

Fundi alikohoa. Akaifungua picha ya awali, akavuta kiti, akapanga nukta mia tatu, mkunjo baada ya mkunjo, nasi tukinywa chai taratibu. Ilipofika saa sita, mwalimu alikuwa akitukodolea macho kama zamani, na adhabu ilikuwa imetimizwa.