Usiku wa Ijumaa katika Orodha ya Magari

Kiti cha karani mkuu pale bohari ya Changamwe kilikuwa cha mvule, kina mikono miwili, na kiliwekwa dirishani ambapo upepo wa kutoka Kipevu hupita. Mimi nilikitazama kiti hicho kwa miaka tisa. Nilijua mlio wake na mguu wake ulionyanyuka kidogo. Bwana D'Mello, Mgoa aliyekikalia, alipotangaza kwamba mwisho wa Mei 1944 anastaafu, sikumuuliza mtu nani atamrithi. Nilikwenda kwa fundi cherehani nikashonesha koti.

Sikuzaliwa na kalamu mkononi. Nilianza kwa kubeba magunia, na Kiingereza na hesabu nilizipata katika masomo ya jioni, miaka sita, nikitoka kazini na vumbi la saruji nyusini. Kwa hiyo nilipoletewa karani mpya, Gershom Kazungu, kijana wa Kaloleni aliyelelewa na shule ya misheni tangu meno ya utotoni, mwenye mwandiko kama wa kitabu na viatu visivyojua tope, nilimpokea vizuri kwa mdomo. Moyoni nilimhesabia siku.

Siku zenyewe hazikuwa nyingi. Miezi mitatu baadaye ilikuja barua ya jeshi. Magari yetu ya kubebea wafanyakazi wa zamu, kuwatoa bara na kuwavusha hadi bandarini, yangeendeshwa na askari kuanzia jioni ya Alhamisi, tarehe mosi Juni. Askari hao walikuwa wageni, hawajui Jomvu wala Miritini; wangefuata karatasi tu. Na karatasi iandikwe kwa saa za jeshi, yaani siku moja ina saa ishirini na nne zinazohesabiwa mfululizo kutoka usiku wa manane, bila herufi za A.M. wala P.M.

Meneja wetu, Mzungu, alitoka ofisini kwake na orodha ya zamani mkononi. Alinipita mimi, akaiweka juu ya meza ya Gershom. Kwangu alirudi baadaye kuniambia kwamba Gershom akimaliza, mimi nitaandika nakala ya Kiswahili ya kubandika ubaoni kwa ajili ya wafanyakazi. Kijana alipewa kazi ya kichwa, mimi nikaachiwa kazi ya mkono; ndivyo nilivyoielewa, na ndivyo ilivyokuwa.

Siku mbili nilimtazama akifanya kazi. Hakuwa na haraka. Saa moja kasorobo ya usiku, ambayo katika orodha ilikuwa 6.45 P.M., aliandika 18.45. Gari la 3.20 P.M. likawa 15.20. Alipoondoka kwenda kula nilisogea mezani kwake, nikapitisha kidole mstari kwa mstari, nikitafuta. Na wallahi nikaona. Gari la chakula cha mchana, 12.15 P.M., yeye ameliandika 12.15, vilevile kama lilivyokuwa. P.M. zote ameziongeza kumi na mbili, hii ameisahau.

Nilikwenda kwa Bwana D'Mello nikiwa na furaha ambayo sasa naiona aibu. Alikuwa anafunga vitabu vyake kwa kamba. Nikamwambia kijana amekosea, ameacha kuongeza.

"Ongeza wewe," akasema. "Kumi na mbili na robo, weka kumi na mbili juu yake."

"Ishirini na nne na robo."

"Siku ina saa ngapi, Mwinyihaji?"

Akanionea huruma, akaeleza huku anakaza fundo. Kumi na mbili ya mchana ya Kizungu, yaani saa sita yetu, haiongezwi kitu, kwa kuwa ndiyo mwanzo wa P.M.; ni kuanzia 1.00 P.M. ndizo zinazoongezwa. Na kumi na mbili ya usiku, ile ya A.M., hupunguzwa mpaka haibaki kitu: 12.30 A.M. ni 00.30. Gershom alikuwa amefanya hivyo hivyo, mstari wa chini yake, wala sikuuona. Bwana D'Mello akacheka kidogo, si kwa ubaya. Jumamosi alipanda treni akaenda zake, na nilimshika mkono wa kwaheri nikiwa bado namchukia kwa kicheko kile.

Jumatatu asubuhi Gershom alikuja mezani kwangu. Alisimama, hakuketi mpaka nimwambie, na sikumwambia.

Alikuwa amebakiwa na mstari mmoja. Gari la zamu ya usiku wa manane, la kutoka Jomvu Kuu, liliandikwa "Ijumaa 12.00" na pembeni yake neno la usiku, basi. Si mchana, hilo alilijua. Lakini usiku wa manane, alisema, hukaa kwenye mpaka wa siku mbili: ukisema 00.00 ya Ijumaa, ndio kwanza Ijumaa inaanza; ukisema 24.00 ya Ijumaa, Ijumaa imekwisha na ni mlango wa Jumamosi. Kati ya moja na nyingine kuna siku nzima. Kahindi, dereva wa zamani wa gari lile, ameshapelekwa Voi. Bwana D'Mello hayupo.

"Nimekuja kwako, Bwana Mwinyihaji, kwa sababu wewe ni mtu wa Jomvu," akasema. "Hii Ijumaa ni ipi?"

Hapo nieleze vizuri. Mstari ule niliutamka mimi mwenyewe kwa Bwana D'Mello, miaka mitano nyuma. Kwetu Jomvu siku huanza jua linapotua. Jua la Alhamisi likizama, tumeingia usiku wa Ijumaa, na mchana wa Ijumaa huufuata. Watu wetu waliomba zamu ile kwa makusudi: wapande gari saa sita ya usiku huo, watoke asubuhi, waoge, wawahi sala ya Ijumaa. Kwa kalenda ya ofisini gari lile liliondoka Alhamisi ikimalizika. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina la mama yangu.

Nikamtazama yule kijana, kola yake nyeupe, na penseli aliyoichonga kwa kisu hadi ikawa kama sindano. Nikaona amesimama mbele yangu kama alivyosimama mbele yake meneja, kwa adabu ileile. Nikafikiri: jambo moja tu dunia hii hulijui, na mimi ndiye nikupe?

"Ijumaa ni Ijumaa," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyesoma."

Kisha akasema ahsante, akarudi mezani kwake, akaandika kitu kwa penseli pembeni ya rasimu, na baadaye nikasikia taipu ikigonga. Jumanne orodha ilikuwa tayari. Mstari ule ulisema: Ijumaa 24.00.

Nikaandika nakala yangu ya Kiswahili: "Ijumaa, saa sita usiku." Nikaibandika ubaoni. Watu wa Jomvu waliisoma wakaona usiku wao uleule wa kila wiki. Askari nao wangesoma ya kwao wakaona usiku mwingine. Karatasi mbili, kila moja ni sahihi kwa msomaji wake, na kati yake watu arobaini wangesimama barabarani wakingoja gari ambalo lingefika kesho yake. Lawama ingeangukia aliyepiga taipu. Kiti kilikuwa kitupu pale dirishani, na usiku ule nililala usingizi mzuri.

Jumatano magharibi nilikuta nyumbani mke wangu Mwanarusi anafunga mikate ya mofa katika kitambaa. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ya ndugu yake Mwidani, ya kesho, maana kesho ndiyo zamu yake ya kwanza. Alikuwa amehangaika mwaka mzima kupata nafasi, na siku hizi za vita asiyefika zamu jina lake hufutwa asubuhi yake, halisikilizwi neno.

"Na unajua nani alimwandikisha?" akasema. "Yule kijana wenu wa Kaloleni. Mwidani alikuja ofisini wiki iliyopita, wewe ulikuwa umekwenda kula. Akamjazia fomu mpaka mwisho, akamwita shemeji wa Bwana Mwinyihaji. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Hata wema wake aliufanya kimya kimya, nisipate mahali pa kuushika. Nilikula, sikumbuki nilichokula. Mwanarusi akauliza kama naumwa.

Ningeweza kumwambia Mwidani asiende. Nilifikiri hilo, nakiri. Lakini na wale thelathini na tisa?

Alhamisi nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Gershom alipoingia nilimwambia yote kwa maneno machache, wapi usiku wetu unaanzia na gari lile ni la lini. Nilitarajia aninyooshee kidole. Yeye aliketi, akavuta karatasi mpya, akaanza kupiga taipu huku ananiuliza kama nina hakika na dakika. Hakuandika tena 24.00 wala 00.00. Aliandika: Alhamisi 23.59.

"Dakika moja kabla," akasema, "haina mpaka. Askari yeyote ataisoma Alhamisi. Watu wa Jomvu waandikie wewe kwa hesabu yenu."

Nami nilibadili nakala yangu: "Alhamisi ikiisha, usiku wa kuamkia Ijumaa, saa sita kasoro dakika moja." Kisha tukaingia pamoja kwa meneja ili atie sahihi kabla gari la jeshi halijaja kuchukua orodha. Gershom alimwambia kwamba kosa lilikuwepo na kwamba Bwana Mwinyihaji ndiye aliyelisahihisha. Alilisema wazi, bila kuongeza wala kupunguza. Nikanyoosha mgongo ndani ya koti langu jipya.

Meneja akataka kuona rasimu ya kwanza. Gershom akampa. Alikuwa na desturi, aliyofunzwa misheni, ya kuandika pembeni kila alipopata jibu: nani, lini, kasema nini. Hakuwa amelifikiria, niliona kwa uso wake alipokumbuka, mkono wake ukanyooka kama wa kuichukua tena karatasi. Lakini meneja alishasoma. Aliyasoma kwa sauti, pole pole, kwa kuwa yaliandikwa kwa Kiswahili:

"Jumatatu. Nimemuuliza Bw. Mwinyihaji. Jibu: Ijumaa ni Ijumaa."

Akaniuliza kama Jumatatu nilikuwa sijui. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Mtu wa Jomvu, asijue usiku wa Ijumaa? Kiburi changu hakikuniruhusu hata hapo.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Hakunifukuza. Alitia sahihi, akatupa kila mmoja karatasi yake. Kesho yake katika sala nilimwona Mwidani safu ya mbele, kichwa kinamwanguka kwa usingizi wa zamu, na watu wa Jomvu wote wapo. Nilipotoka msikitini na kurudi kazini, Gershom alikuwa amehamia dirishani kwa amri ya meneja. Aliinuka nilipoingia, akanipa shikamoo, na chini ya ule mguu wa kiti ulionyanyuka alikuwa ameshaweka kipande cha kadibodi. Miaka tisa nilikitazama kiti kile, na jambo hilo halikuwahi kunijia.

Nikamwitikia marahaba, nikaenda kukaa mezani kwangu.