Tani za Nini?

Binti aliyepachikwa jina la Jedwali alikuwa na siku moja tu ya kuiokoa insha yake, na siku hiyo aliianza kwa kumsomea mama yake mdogo, ambaye hakuacha kushona hata kidogo.

Jina hilo alilipata kihalali. Hakuna hoja aliyoiamini mpaka aione imepangwa kwenye safu. Hata zamu za kuosha vyombo katika nyumba ile zilibandikwa ukutani jikoni, na chini yake kulikuwa na tanbihi kuhusu masufuria yaliyoungua. Sasa jedwali moja lilikuwa limemtia matatani. Insha yake ya uchumi wa siasa wa kimataifa, kuhusu nani abebe mzigo wa kuharibika kwa hali ya hewa, ilisahihishwa na wahadhiri wawili kama ilivyo kawaida ya idara. Profesa alimpa sabini na nne. Wa pili, ambaye wanafunzi walimwita Daktari Kwanini kutokana na swali alilolijaza pembezoni mwa kila karatasi, alimpa arobaini na nane. Wasahihishaji wakipishana kwa zaidi ya alama kumi na tano, mwandishi huitwa mbele yao aitetee kazi yake, kisha wao hukubaliana alama moja. Ikiwa chini ya sitini, hakuna mwaka wa pili wa uzamili.

"Si wagawanye tu katikati?" mama mdogo aliuliza, pini mbili zikiwa mdomoni.

"Hairuhusiwi. Lazima wakubaliane kwa hoja."

"Haya, soma. Masikio yangu hayashoni."

Jedwali akasoma. Alichagua nchi mbili, ya kitajiri na ya kwao, kwa sababu idadi ya watu wake inakaribiana; hivyo hakuna wa kusingizia wingi wa watu. Tangu viwanda vianze, nchi ya kitajiri imerusha angani tani bilioni kumi na nne. Ya kwao, nusu bilioni. Yaani mara ishirini na nane. Hewa hiyo haiondoki upesi. Sehemu yake hukaa angani kwa mamia ya miaka ikiongeza joto. Kwa hiyo cha kuhesabu ni mrundikano wote, wala si moshi wa mwaka huu pekee.

"Tani za nini?" mama mdogo akamkatiza.

"Za hewa ukaa, mama."

"Zote mbili?"

"Sasa zitakuwa za nini tena? Maharage?"

"Nauliza tu." Aliuvuta utepe wa kupimia shingoni na kuugeuza: upande huu inchi, upande ule sentimita. "Mwaka jana mteja kanitumia ujumbe, kiuno sabini na nane. Hakusema sabini na nane ya nini. Nikaanza kukata upande wa inchi. Nusura nimshonee hema."

Jedwali alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akafungua vitabu alimochota namba zake. Namba za nchi yao zilitoka kwenye taarifa mpya, na juu yake paliandikwa wazi: tani za hewa ukaa. Namba za nchi ya kitajiri zilitoka kwenye chapisho la zamani, na chini kabisa, kwa herufi za kuchosha macho, paliandikwa: tani za kaboni.

Si kitu kimoja. Kaboni inapoungua huchukua oksijeni, na mbili hizo ndizo hewa ukaa. Tani moja ya kaboni huzaa karibu tani tatu na theluthi mbili za hewa hiyo. Alikuwa amepima nchi moja kwa inchi na nyingine kwa sentimita, na kosa lenyewe lilikuwa limeipendelea nchi ya kitajiri.

"Wamegundua?" mama mdogo aliuliza.

"Hata mmoja."

"Basi nyamaza."

"Nikinyamaza, Daktari, anayesema pengo langu ni dogo mno kwa hitimisho langu, atashinda kwa namba mbovu. Nikisema, nitakuwa nimempa kisu na shingo."

"Mwanangu," mama mdogo alisema, akirudisha mguu kwenye cherehani, "usikate kabla hujapima tena. Mengine kajitetee mwenyewe."

Kesho yake, chumba cha Profesa kilikuwa na viti vitatu, kimoja kikibeba mafaili, kwa hiyo Daktari Kwanini alisimama, na akiwa amesimama alitisha zaidi.

"Waliochoma makaa ya mawe karne mbili zilizopita," alianza, "walijua wanaharibu hali ya hewa?"

"Wengi hawakujua, Daktari. Ndiyo maana nina safu ya pili, inayoanzia 1990, mwaka wa ripoti ya kwanza ya jopo la kimataifa la wanasayansi. Kuanzia hapo hakuna serikali inayoweza kusema haikuambiwa."

"Vizuri. Na safu hiyo inasema mara kumi. Lakini wewe umehitimisha kwamba pengo ni kubwa kiasi kwamba kuwataka wote wapunguze kwa asilimia ileile ni dhuluma. Kwa nini?"

"Mara kumi hazikutoshi?" Profesa aliingilia. "Ukipewa sahani kumi za wenzako utasema ni pengo dogo?"

"Profesa, kwa sahani nitashiba. Kwa hoja bado nina njaa."

Jedwali alivuta pumzi. "Namba hizo zina makosa."

Wote wawili walimtazama kama aliyevunja kikombe ugenini. Akaeleza kaboni na hewa ukaa, vitabu viwili, vipimo viwili. Kisha akaweka mezani jedwali jipya. Daktari Kwanini hakuliamini; alitoa simu yake akazidisha mwenyewe.

"Tangu 1990, karibu mara thelathini na saba," alisema polepole. "Tangu viwanda vianze, zaidi ya mara mia."

"Ndiyo, Daktari."

"Kwa hiyo nilisema kweli. Hitimisho halikulingana na namba."

"Ulisema kweli. Ila zilizopungua ni namba, si hitimisho."

Profesa alivua miwani. "Mimi nililipenda hitimisho, nikapita juu ya jedwali kama mtu anayevuka dimbwi. Sabini na nne yangu ilikuwa ya mapenzi."

"Mimi sikulipenda," Daktari alisema, "nikakagua kila hesabu ya kugawanya. Kipimo chenyewe hakikunijia kichwani." Ilionekana kumuuma kuliko kitu chochote kilichowahi kumpata idarani.

Walimtoa nje. Kwenye korido aliwasikia wakibishana: tunasahihisha insha iliyowasilishwa, wala si aliyoitengeneza jana, lakini utetezi nao ni sehemu ya kazi, lakini kosa ni kosa, lakini amelifichua mwenyewe. Saa nzima ilipita. Mlango ulipofunguliwa, Profesa alisema, "Sitini na moja. Jedwali sahihi lije kabla ya Ijumaa."

"Na jambo moja," Daktari Kwanini aliongeza. "Umehesabu moshi wa ndani ya mipaka yao. Viwanda vingi wamevihamishia kwingine, bidhaa zinarudi kwao. Tani hizo ni za nani?"

"Hilo ni swali la mwaka wa pili, Daktari."

"Ni la mwaka wa pili, ndiyo," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Nyumbani mama mdogo aliupokea ule ushindi bila kuacha kushona.

"Sitini na moja. Yule mpole alikupa ngapi vile?"

"Sabini na nne."

"Na mkali?"

"Arobaini na nane."

Mashine ikanyamaza. Mama mdogo alihesabu kwa vidole, kisha kwa pini, kisha akamtazama.

"Hiyo si ndiyo katikati niliyokwambia tangu mwanzo?"