Kura ya Ruthu

Hanifu alifika Miyuji, Dodoma, mwezi wa Oktoba, mwaka tisini na sita, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa usanifu majengo. Shule moja ya sekondari ilitaka kujenga madarasa mapya, na kabla ya kuchora aliombwa apime joto la yale ya zamani, yenye bati tupu na madirisha ya mbao.

Saa nane mchana alipanga vyombo vyake katikati ya darasa: kipimajoto cha hewa, kingine ndani ya tufe jeusi la kupokea joto la bati na kuta, cha unyevu, na cha kasi ya upepo. Namba hizo, pamoja na kazi wanayofanya watu na nguo walizovaa, huingia kwenye kanuni inayoitwa PMV. Kanuni inakisia wastani wa kura ambazo watu wangepiga kuhusu joto, kuanzia hasi tatu, baridi kali, hadi tatu, joto kali. Sifuri ni raha.

Kazi aliijua: kukaa na kuandika. Nguo hakuzitazama. Aliweka shati na sketi au suruali, kama sare ilivyoandikwa kwenye sheria za shule. Kikokotoo kikampa moja na nusu.

Kisha akawagawia wanafunzi vikaratasi wapige kura wenyewe. Wengi waliandika moja. Joto la Dodoma walikuwa wamelizoea. Lakini msichana mmoja wa nyuma, kando ya ukuta wa magharibi, aliandika tatu. Alikuwa amevaa sweta zito la mtumba, limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Wewe, unaitwa nani?"

"Ruthu."

"Wenzako moja, wewe tatu. Unafanya mchezo?"

"Ni joto, mwalimu."

Darasa likacheka. Hanifu naye akacheka.

"Basi vua sweta! Unaniharibia kipimo."

Ruthu akatikisa kichwa. Mwalimu Loisi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa ukali, "Ruthu, fanya unavyoambiwa na mgeni."

Msichana akafungua vifungo polepole. Mbele palikuwa na kola na kipande cha shati. Mgongoni hapakuwa na shati. Palikuwa na nyuzi na kiraka cha kanga kilichoshikizwa kwa pini. Kicheko kilianzia upande wa wavulana, kisha kikakatika. Ruthu akavaa tena sweta, akachukua daftari, akapita mbele ya vyombo vya Hanifu bila kugusa hata kimoja, akatoka nje.

Hanifu aliendelea kusoma vipimo kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Masikio yalimwaka. Darasa lilipotoka, alihamisha vyombo hadi kwenye kiti cha Ruthu. Dirisha la pale lilikuwa limekwama, upepo haukufika, na ukuta ulikuwa umepigwa na jua la alasiri. Akapiga hesabu upya, safari hii akiweka na sweta. Ikakaribia mbili na nusu. Msichana aliyemwambia anafanya mchezo alikuwa amesema kweli.

Kesho yake Ruthu hakuja. Mwalimu Loisi, naye akiwa hana raha, alimwelekeza Hanifu kwa shangazi yake msichana, maana wazazi walikuwa kijijini Haneti. Alimkuta mama huyo akipepeta mtama uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe wa joto?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba radhi. Kosa lilikuwa langu. Nilipaswa kuuliza amevaa nini, nikaandika tu nilichodhani."

"Ungeuliza mbele ya wavulana?"

Hanifu akaukodolea macho mtama kwenye ungo.

"Yumo ndani, anakusikia," shangazi akasema. "Hatatoka. Na mimi simlazimishi. Amelazimishwa vya kutosha."

Hanifu akaugeukia mlango uliofungwa. "Ruthu, nisamehe." Akaaga, akaondoka akitazama chini hadi barabarani.

Kamati ya ujenzi ilipokutana, alieleza kwamba kura za wengi zilikuwa chini ya makisio, lakini wanaokaa magharibi wanaumia. Akapendekeza dari chini ya bati, na madirisha yanayofunguka pande zote mbili ili upepo upite.

"Hesabu ya nguo umeibadilisha," mjumbe mmoja akasema. "Kwa nini?"

"Wapo wanaovaa sweta juu ya sare. Ya kwanza niliikosea."

Hakutaja jina, wala sababu. Mwalimu mkuu akatabasamu, akawageukia wenzake. "Mnaona kijana alivyo makini? Hata sweta la mtoto hakuliacha."

Wakampigia makofi. Hanifu akainama kukusanya michoro yake, na alikaa ameinama hivyo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.