Kitambaa cha Tano

Jumamosi moja ya mwezi Mei, barafu ikiwa imekwisha kuyeyuka ziwani, Araceli Ayala, mwanafunzi mgeni, alikaa kwenye meza ya chumba chake cha juu, mjini Duluth, akakata kitambaa cha nne kutoka kwenye fremu ya mbao. Alikata polepole kwa mkasi mdogo wa kucha, akizunguka ukingo wa uzi, kwa sababu lesi ya kwao Itauguá, Paragwai, ikikatwa vibaya hufumuka yote. Alivipanga vile vinne kitandani: viwili vya ua la mpera, kimoja cha kwato ya ng'ombe, kimoja cha suke la ngano. Cha Curt, cha mkewe Denise, cha binti yao Tessa, cha mdogo wake Britta. Familia ya Haugen, wenyeji wake, yote ilikuwa imekwisha kufumiwa.

Alikuwa amejifunza kutokana na makosa. Alipofika mwezi Agosti, aliwaletea jamu ngumu ya mapera na kikombe cha pembe ya ng'ombe cha kunywea yerba mate, chai ya majani ya kwao. Walishukuru sana. Kikombe kikapandishwa rafuni juu ya televisheni, na jamu ilikuwa bado ndani ya friji, karibu na haradali, ikiwa imekatwa kipande kimoja cha adabu. Basi mratibu wa wanafunzi wageni, Bi. Paulson, alipowakusanya mapema, kabla ya baridi kuanza, kwa kahawa na keki kuzungumzia safari za kurudi, Araceli alisikiliza kwa makini.

"Zawadi ya kuaga si lazima iwe ya bei," alisema Bi. Paulson. "Ikiwa ya bei watajisikia vibaya, maana wao wamewapokea bure. Ila iwe kitu watakachokitumia, na kiwe na alama ya mkono wako. Andika kadi. Usiandike tu 'asanteni kwa yote.' Taja siku fulani, jambo fulani. Na toeni wakati wa chakula, jamani, siyo uwanja wa ndege, ambako kila mtu analia na anatafuta pasipoti."

Ndiyo maana majira yote ya baridi Araceli alichora duara kwa penseli, akatandaza nyuzi kama miali ya jua, na kufuma kwa sindano mpaka vidole vikaota sugu. Sasa alivipaka wanga wa mahindi, kwa kuwa wa muhogo hakuupata, akaviacha vikauke.

Asubuhi ya Jumapili vilikuwa vitano.

Alivihesabu mara mbili, kisha akaenda kanisani na wenyeji wake, kwa kuwa gari lilikuwa linasubiri. Aliporudi alikifumua kile cha tano, akauzungusha uzi kwenye kibonge chake. Jumatatu kilikuwa kimerudi, na kilikuwa tayari na wanga.

Tessa alipoingia kuazima chaja alivitazama. "Juzi si vilikuwa vinne?"

"Vilikuwa vinne."

"Haya," alisema Tessa. "Chaja iko wapi?"

Araceli akampigia simu kumweleza bibi yake, Ña Eustaquia, ambaye alikuwa ameketi kibarazani na fremu mapajani kama kawaida yake.

"Wako wangapi nyumba hiyo?" bibi aliuliza.

"Wanne, bibi."

"Wanne wanaokula, au wanne wanaokaa mezani?"

Araceli alimfikiria mzee Arvid, baba yake Curt, aliyeishi katika chumba cha chini ya nyumba, karibu na mashine ya kufulia na tangi la maji moto. Kila jioni Curt alimteremshia sahani yake. Siku ya kwanza Denise alikuwa amesema, "Babu anapenda utulivu wake," na Araceli alisema sawa, kwani mgeni hasahihishi ratiba ya nyumba. Mzee alikuwa akimsalimu vizuri anaposhuka na nguo zake chafu. Waliongelea hali ya hewa. Miezi tisa ilipita hivyo, naye alipokaa kuhesabu watu wa kuwafumia, mzee hakumjia akilini kabisa.

"Watano," alisema.

"Basi mbona unanipigia simu? Uzi umekusaidia kazi. Mimi kila kimoja kinanila wiki mbili, na macho sina." Bibi akacheka. "Kina ua gani?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kile cha tano hakikuwa na ua analolijua. Kilikuwa na mstari mmoja mrefu ulioanzia pembeni, ukapinda, ukagawanyika mara tatu kama mto unaoingia ziwani. Araceli alikitazama siku kadhaa asijue. Mwishowe, akiwa amejilaza kitandani mchana na kitambaa kifuani, macho yake yaliona dari. Ufa wa dari ulianzia pembeni, ukapinda, ukagawanyika mara tatu.

Alishuka nacho chini. Mzee Arvid alikuwa akikunja taulo za watu wote, kazi aliyojipa mwenyewe. Alikipokea, akavaa miwani.

"Huu ni ufa wangu," alisema, kama mtu anayeonyeshwa kofia aliyoisahau. "Ulianza mwaka aliofariki Marit, mke wangu. Nililala nikiutazama. Nilikuwa nikisema kesho nitauziba, kisha nikauzoea. Siku hizi umefika wapi?"

"Umefika karibu na taa."

"Aa. Unakwenda."

"Kile ni chumba chako, babu?"

"Kilikuwa. Alipokuja yule kijana wa Norwe, Denise aliniomba kwa msimu mmoja wa baridi tu. Mgeni lazima apate chumba, hilo ni haki. Akafuata binti wa Taiwani. Akaja mwingine, na mwingine. Sasa ni wewe." Alikunja taulo katikati, akailaza juu ya nyingine. "Wazuri nyote. Magoti yangu nayo yakakataa ngazi, kwa hiyo mambo yakakubaliana yenyewe."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji yupi.

"Nitawaambia," alisema Araceli. "Naweza kulala na Tessa."

"Usiwaambie, binti yangu. Watu wema wakiambiwa wamekosea huumia sana, na mimi ndiye nitakayekaa nao wakiwa wameumia."

Araceli alimwachia kitambaa kwenye meza yake ndogo, kiwe zawadi yake ya mapema. Asubuhi kilikuwa juu, pamoja na wenzake. Akamrudishia. Kikapanda tena. Mara ya tatu mzee alikipigilia msumari, na asubuhi ukutani kulibaki msumari peke yake.

"Kina ubishi kuliko mimi," alisema, akauacha msumari atundikie miwani.

Hata hivyo Araceli alimwambia Denise, wakiosha vyombo. Hakutaja dari wala uzi. Alisema tu kwamba kwa wiki zilizobaki angefurahi kulala na Tessa, ili babu arudi chumbani kwake, na kwamba yeye na Tessa wangemshika mikono kwenye ngazi.

Denise aliendelea kukausha bakuli lililokuwa limekwisha kukauka. Alikuwa mwanamke mkarimu kweli. Mwezi Januari Araceli alipopata homa, alikaa naye akimwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, akimwimbia.

"Mwanangu, una moyo mzuri wewe," alisema. "Lakini babu kule chini amezoea. Kuna joto, kwa sababu ya lile tangi. Na mwezi wa nane anakuja kijana wa Slovakia, tungemhamisha tena masikini? Hapana. Nipe lile sufuria."

Jioni ya kuaga Araceli aliomba jiko awapikie yeye. Alipika sopa ya kwao, yaani supu, ingawa ni mkate wa unga wa mahindi, jibini na vitunguu, akaitoa kwenye oveni imepanda na kuwa ya dhahabu.

"Hii ndiyo supu?" aliuliza Curt akishika kisu. "Supu ninayoikata?"

"Ndiyo supu ya Paragwai."

"Na mchuzi wenu huko mnautafuna?"

"Baba, acha," alisema Britta, ila alicheka mpaka maziwa yakampalia.

Walipomaliza, Araceli alileta kifurushi alichokifunga kwa utepe, pamoja na kadi. Kule Duluth watu hufungua zawadi papo hapo mbele ya mtoaji, na kutofungua ni kama kuikataa, kwa hiyo Denise alifungua. Alisoma kadi kwa sauti: siku walipovuta gari wote pamoja kutoka kwenye theluji, siku ya homa, siku Britta alipomfundisha kuteleza kwenye barafu akaanguka yeye Britta. Akafunua karatasi.

"Oh, Araceli. Umefuma mwenyewe? Curt, ona kazi hii!" Alivigawa. Tessa aliweka chake chini ya sahani palepale. Denise akabaki na kimoja mkononi. "Na umetuongezea cha akiba!"

"Si cha akiba," alisema Araceli. "Ni cha babu. Ninyi ni watano."

Kitambaa kikamtoka Denise mkononi, kikateleza juu ya meza, kikapita chumvi na jagi la maji, kikajilaza kwenye kichwa cha meza ambapo hapakuwa na kiti. Britta alisogeza glasi yake kukipisha.

Curt aliweka kiganja juu yake. Aliinamisha kichwa, na Araceli akaona kidole chake kikifuata ule mstari, polepole, bila kukosea, kama mtoto aliyewahi kulala kando ya baba yake akiangalia ufa wa dari.

"Kina joto," alisema.

"Ni ule wanga," alisema Denise kwa upole.

"Ndiyo. Huenda ni wanga." Curt aliinua kiganja. "Kizuri sana, Araceli. Kizuri mno." Kisha akasimama, akakata kipande kikubwa cha sopa, akakiweka kwenye sahani, akateremka nacho ngazi za chini kama kila jioni.

Araceli alirudi Itauguá mwezi Juni. Aliwaandikia kuwajulisha amefika salama na kuwashukuru tena, kama inavyopasa. Denise alijibu mwezi Agosti, na picha ya meza ya Jumapili. Vitambaa vilikuwa chini ya sahani, na tayari vilikuwa na madoa ya haradali na kahawa, na Araceli alifurahi, kwa sababu ndicho alichotaka. Cha tano kilikuwa kwenye kichwa cha meza. Hakiondoki, aliandika Denise, tumejaribu, basi tunaweka mkate juu yake. Kijana wa Slovakia ameshafika, mrefu ajabu, miguu inapita kitanda. Babu hajambo, anakusalimu.

Araceli alimwonyesha bibi yake. Ña Eustaquia aliisogeza simu karibu na macho, akaangalia mshono.

"Kazi safi. Wameipenda?"

"Wameipenda sana, bibi."

"Na huyo mzee, wewe ulikuwa unalala chumbani kwake?"

"Ndiyo."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Bibi alimrudishia simu, akaukata uzi kwa meno, akaanza duara jingine.