Kikapu cha Kazi Niliyoikosa

Mama aliona njia mbili tu. Ama niende Gare kwa Mwalimu na kikapu kwa sababu nimepata kazi, ama nimekosa nibaki nyumbani. Kwenda na kikapu wakati nimekosa, alisema, ni jambo ambalo hata kichaa wa sokoni hajalifikiria.

"Utamshukuru kwa lipi?" aliuliza huku akifunga mafungu ya karoti.

"Kwa alichofanya."

"Alichofanya hakikuzaa kitu. Utamtonesha tu. Na ukimtonesha, jina lake hatakupa tena. Utaomba kazi nyingine umwandike nani? Mimi? Mama Mwanahamisi, muuza karoti?"

Hapo alinigusa. Mdhamini wa maana nilikuwa naye mmoja tu. Mwalimu Bertha alinifundisha Kiswahili sekondari. Sasa amestaafu, anakaa Gare, jirani na kanisa. Ndiye aliyenipigia simu akaniambia kuna shirika Tanga linatafuta mhariri msaidizi wa jarida la wakulima. Nilipomwomba nimwandike mdhamini, alisema niende kwanza na makala zangu, maana hamsifii mtu asiyemsoma. Alizisoma zote, akazichorachora kwa kalamu nyekundu. Kisha Alphonce, mkuu wa jarida na mwanafunzi wake wa zamani, alipompigia kumuuliza habari zangu, alimweleza nilivyo, pamoja na ubishi wangu.

Tulibaki wawili katika usaili wa mwisho, mimi na dada mmoja wa Korogwe. Jana jioni barua pepe ikaja: wanasikitika, nafasi imepata mtu mwingine. Nilimjibu Alphonce nikamshukuru kwa kuniita. Mwalimu ningeweza kumtumia ujumbe wa simu, lakini mtu aliyenisomea makala mchana kutwa siwezi kumtupia mistari miwili. Nilitaka asikie kutoka kinywani mwangu, na asikie leo.

Basi nikapanga mapeasi na viazi kwenye kikapu, nikaweka na mayai juu, nikavifunika kwa khanga mpya. Mama aligeuza uso asinione nikitoka.

Bodaboda ilinishusha chini ya mlima kwa sababu mvua ilikuwa imeiharibu njia kwa utelezi hata pikipiki haipandi. Nikapanda kwa miguu. Juu kidogo palikuwa na wanawake wanapalilia kabeji, na mmoja wao, Bi Mwajuma, anatufahamu tangu bibi yangu yuko hai, na habari za usaili wangu alikuwa nazo. Alisimama akaangalia kikapu. Akaangalia khanga.

Huku kwetu khanga mpya juu ya kikapu ina maana moja. Cha msibani huenda wazi, cha mgonjwa hufunikwa kitambaa chochote. Khanga mpya ni ya posa, ya mtoto, au ya mtu aliyefanikiwa. Mimi nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nilifunika kwa khanga mpya kwa sababu Mwalimu si mtu wa kufunikiwa kitambaa cha hivi hivi tu.

"Kapataa!" Bi Mwajuma akapiga kigelegele. Wenzake wakampokea, bonde lote likaitika.

"Bi Mwajuma, shikamoo, lakini mimi..."

"Marahaba, mwanangu! Nenda, nenda, usimcheleweshe Mwalimu!" Na simu ilishatoka kwenye mfuko wa gauni lake.

Nikaongeza mwendo. Simu yake ilikuwa na mwendo kuliko mimi.

Nilimkuta Mwalimu Bertha amesimama mlangoni, miwani imepanda kwenye paji la uso, uso wenyewe hauna rangi ya furaha.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Kikapu nikakiweka miguuni pake.

"Mwalimu, nimekuja kukupa matokeo. Kazi sikupata. Amechukuliwa dada mmoja wa Korogwe, ana uzoefu wa miaka mitatu magazetini. Nimekuja kukushukuru."

Alikaa polepole kwenye kiti chake cha kamba.

"Najua kwamba hukupata," alisema. "Nimeambiwa na Alphonce sasa hivi. Mwajuma alinipigia, anapiga vigelegele mpaka sikio likaziba. Nami, mwanamke mzima, nikampigia Alphonce kumshukuru kwa kukuajiri. Nikamwambia akutafutie chumba chenye maji ndani. Nikamwambia usikae kwa watu wa kelele kwa sababu unaandika."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mwalimu, nani kakwambia?' Kwa upole, kama anazungumza na mgonjwa."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikabana vyote viwili.

"Pole sana, Mwalimu. Nitampigia nimweleze kwamba hakuna aliyekudanganya, ni kikapu tu."

"Ungekuja mikono mitupu haya yasingetokea."

"Ningekuja mikono mitupu kwa mtu aliyenifikisha kwenye wawili wa mwisho? Ile makala ya wakulima wa viazi uliniambia nifute mwanzo wote nianzie kwa yule mama anayechagua mbegu. Nilifuta. Kwenye usaili waliniuliza kuhusu hiyo hiyo. Uliniambia nisifiche kwamba sijawahi kuajiriwa, nikasema wazi, hawakunidharau. Hayo nimebaki nayo. Dada wa Korogwe hakuondoka nayo."

Mwalimu alishusha miwani akaniangalia. Aliinama akafunua khanga, akachagua peasi, akachukua kisu dirishani akaanza kulimenya bila haraka, ganda likishuka mkanda mmoja mrefu.

"Unajua niliowadhamini ni wengi," alisema. "Waliopata kazi nawaona wakipita na magari. Waliokosa wananikwepa sokoni. Raheli alijificha nyuma ya magunia ya maharage nisimwone. Mimi nakaa hapa sijui nilisema vizuri au nilimharibia mtoto wa watu. Nikipigiwa tena kuulizwa habari za mtu mwingine, sijui nibadilishe nini."

"Alphonce hakukwambia?"

"Alphonce haruhusiwi kunisimulia usaili wako. Wa kunisimulia ni wewe."

Ndipo nikauliza lile alilonitisha nalo Mama nyumbani.

"Mwalimu, nikiomba kazi nyingine, nitaliandika jina lako?"

Alikata kipande cha peasi, akakitafuna.

"Utaniuliza kwanza. Kila mara, na kila kazi. Uniambie ni ya nini, nisishtukizwe na simu nikiwa shambani. Hapo utaliandika."

Kabla sijasema asante ya pili, simu yangu ikalia. Mama. Mwalimu akaashiria niweke sauti kubwa.

"Mwanahamisi! Mwajuma ananipongeza! Watu watatu wamekuja kununua karoti wananipongeza! Umenifanya nini? Mwalimu yuko hapo?"

"Niko, mama Mwanahamisi," alijibu Mwalimu, akamsalimia kwa Kisambaa. "Onga mshi."

"Mwalimu wangu, onga mshi, sina uso! Nilimkataza mimi. Kashupaza shingo na kikapu chake. Mwanahamisi, muombe Mwalimu radhi. Sasa hivi, nisikie kwa masikio yangu."

Mwalimu Bertha alinitazama, kisu kimesimama juu ya peasi. Hakunitetea. Wala hakumuunga mkono mama. Alingoja tu, kama alivyokuwa akingoja darasani mtu amalize sentensi aliyoianza.

"Mama," nilisema, "pole kwa ile simu ya Alphonce nimempa, na Bi Mwajuma nitapita kwake nikishuka nimwambie ukweli. Lakini kikapu ni cha Mwalimu, na khanga nayo ni yake. Alifanya kazi yake yote. Siombi radhi."