Namba Saba

Mimi Chausiku nimekulia dukani Karatu, na kwetu dukani ukifungua mlango unauza, hukai kufagia tu. Ndiyo maana Mwalimu Tluway, mkuu wetu wa shule hapa Olbalbal, Umasaini, aliponiambia siku ya kwanza ya muhula ni ya ufagio na fyekeo, masomo yataanza Jumatatu ijayo, nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia wazazi wa hapa wamebembelezwa mwaka mzima watoe watoto. Mzee Meitamei alikuwa amemtoa binti yake Nareyu kwa shingo upande, akisema ataona kwanza shule ina nini. Binti huyo akirudi bomani na vumbi tu, kesho yuko kwenye ndama.

"Haya," alisema Mwalimu Tluway. "Niletee andalio la somo nilione."

Sikumpelekea. Nilijiambia huyu ataniwekea ufagio kila mstari.

Na andalio lilikuwa zuri, hata leo nasema. Watoto wa darasa la kwanza wengi hawajui Kiswahili. Ukiwarundikia taratibu kumi kwa siku moja hawashiki hata moja. Nilichagua mbili: kunyamaza nikipiga makofi, na kupanga mstari na kuingia darasani. Somo nalo lilikuwa moja, namba moja hadi kumi, na nilitaka utaratibu wenyewe ubebe somo. Niliwapanga kumi kumi. Kila mtoto akifika mlangoni anataja namba yake, anachukua vijiti vya idadi hiyo kwenye kopo, anaketi. Hakuna kuruka. Mwenzako asipotaja yake, unamngoja.

Mara ya kwanza ilikuwa vurugu. Nikawatoa, tukarudia. Tukarudia tena, na safari hiyo mstari ukaenda wenyewe. Nareyu alikuwa wa saba mstari wa mbele. Alisema "saba" kwa sauti kubwa kuliko wote, akachukua vijiti vyake bila kukosea, akanitazama kuona kama nimeona. Nilikuwa nimeona. Kichwa kilinivimba, nikatamani Mwalimu Tluway apite.

Aliyepita ni Mzee Meitamei. Nikafurahi, nikawatoa nje watoto mbele yake, nikaanza kumgusa kila mmoja kichwani huku wakihesabu kwa kelele. Nilitaka aone.

Nilipomfikia Nareyu, mzee alikuwa keshamshika mkono.

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Shikamoo, mzee. Tunahesabu."

"Naona. Unahesabu watoto." Hakupandisha sauti. "Mimi hata ng'ombe zangu sizihesabu. Ukihesabu mtoto, unamwonyesha kwa kifo. Wewe una watoto?"

"Sina, mzee."

"Basi."

Nilimwomba radhi. Nilimwambia sikujua, kesho tutahesabu vijiti tu. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, na hiyo heshima iliniuma kuliko kama angenitukana. Kisha akaondoka na binti yake. Nareyu alikuwa bado ameshika vijiti vyake, na baba yake akavichukua akanirudishia mkononi.

Mwalimu Tluway aliyasikia yote kutoka ofisini. Sikuwa na pa kuweka uso.

"Ungeniletea lile andalio ningekuambia," alisema. "Ungehesabu vijiti, watoto ukawaacha. Neno moja tu, lingekwisha."

"Ulitaka wafagie," nilisema, na nikaona aibu zaidi kwa kusema hivyo.

"Nilitaka wafagie, ndiyo. Lakini andalio nililiomba." Akavaa kofia akaenda bomani kwa Meitamei kuniombea. Alirudi jioni akanywa maji, akasema mzee amemkaribisha vizuri sana na amekataa.

Asubuhi iliyofuata niliwahi shuleni. Nilikuwa nimepanga upya: wataingia kimya, vijiti watavikuta mezani, navyo tu ndivyo vitakavyohesabiwa. Nikapiga makofi. Wakanyamaza. Wakapanga mstari bila kuambiwa, kila mmoja mahali pake pa jana, na kabla sijafungua mdomo, wa kwanza akasema, "Moja."

"Basi, leo hatuhesabu," nilisema. Wengi hawakunielewa.

"Mbili." "Tatu." Wakaendelea, wanajivuna, wanaingia mmoja mmoja. "Nne." "Tano." "Sita."

Mstari ukasimama. Mlangoni, mbele ya mtoto wa nane, waliacha nafasi ya mtu mmoja. Huyo alikuwa mtoto wa mganga wa zahanati, Kiswahili anakijua, basi nikamwambia, "Pita uingie."

Hakusogea, wala wa nyuma yake hawakusogea.

"Ingia, mwanangu."

"Mwalimu," alisema taratibu, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa sheria, "saba bado."