Kandambili Mpya za Wening

Wening alitoka chuoni kuja kujifunza kazi katika ofisi ya bima mjini Semarang. Siku zake tatu za kwanza zote alivaa kandambili: za kijani, mpya, zinazolia kila akikanyaga. Wateja wakatazama. Mkuu wa tawi naye akatazama, kisha akamwambia Mama Endah, meneja wa madai, kwamba binti huyo akija hivyo Jumatatu atarudishwa chuoni.

Mama Endah hakutaka kumwita. Mwaka jana alimkemea mwanafunzi mwingine mbele ya wateja, kwa ajili ya sketi tu, na yule mtoto hakurudi tena. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Maneno ni kama maji, yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo Ijumaa jioni alimpa Wening bahasha.

“Mwanangu Wening,” aliandika, “kazi yako nzuri, mafaili hayajawahi kupangika hivi. Hili ni la mavazi tu. Vaa viatu vya kufunika vidole, vyovyote, mradi safi. Shati jeupe na suruali nyeusi, au sketi iliyovuka magoti, vyatosha. Ijumaa ni batiki, hata ya kuazima. Usinunue kitu. Kandambili sisi twavaa adhuhuri tu, tukienda kutia udhu. Mimi siku yangu ya kwanza nilikuja na shungi la bibi harusi kichwani, wakaniuliza bwana harusi yuko wapi. Usione aibu. Njoo Jumatatu.”

Jumatatu saa mbili asubuhi kiti cha Wening kilikuwa kitupu. Saa mbili na nusu bado. Mama Endah akajilaumu: nimempoteza na huyu pia.

Ndipo mlinzi akamwita mlangoni. Wening alisimama pale na viatu vyeusi vilivyofungwa vizuri, pembeni yake mwanamke mwenye ile barua ya Ijumaa mkononi. Alikuwa mama yake.

“Mama, usimlaumu mtoto,” mwanamke alisema. “Siku ya usaili nilimsindikiza. Tukangoja hapa adhuhuri, nikawaona wote mnapita na kandambili, na wewe umo. Nikasema, kumbe ndivyo wavaavyo watu wa ofisini! Nikamnunulia. Kosa langu.”

Mama Endah akacheka hadi akashika ukuta, na yule mama, baada ya kusita, akacheka naye. Wening peke yake hakucheka.

“Nawe hukuona kwamba asubuhi hakuna azivaaye?” Mama Endah akamuuliza.

“Niliona siku ya kwanza.”

“Sasa mbona ukaendelea?”

Wening akainama. “Mama alikuwa anasimama mlangoni kwetu kila asubuhi kuniangalia nikiondoka. Alikuwa na furaha sana.”

Yule mama akaacha kucheka. Akamvuta bintiye, akamkumbatia palepale, mbele ya wateja, na Mama Endah akageuka kuufunga mlango, wateja wakabaki ndani, ili wawili hao wasisumbuliwe.